Kuharisha maji kama ya mchele

"Mtu mzima kaanza ghafla kuharisha maji meupe kama yaliyooshea mchele, anatapika pia. Ni kipindupindu? Nimpe dawa ya kufunga tumbo?"

Usimpe. Mchukulie kama ana kipindupindu na mwanzishie maji sasa hivi, maana kinachoua ni kuishiwa maji, na mtu mzima anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Nimehudumu kambi ya kipindupindu: wengi hawana homa wala tumbo kuuma sana, ndiyo maana watu huchelewa.

Pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji salama. Hakuna? Vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwa lita hiyo hiyo. Anywe glasi kila akiharisha. Akitapika, subirini dakika 10, kisha mnyweshe kidogo kidogo.

Wanaoshauri antibayotiki wako nusu sahihi: husaidia, ila haichukui nafasi ya maji.

Kituoni mpelekeni leo hii, mkiendelea kumnywesha njiani. Macho yakizama, mkojo ukikata, au akilegea asiweze kunywa, anahitaji dripu mara moja. Kuthibitisha ni kazi ya maabara.