Radi Ilipovunja Mechi: Kipindi cha Kuhesabu Ngurumo Chini ya Paa la Bati

Mwalimu yeyote aliyefundisha Kanda ya Ziwa katika miezi ya masika anaijua hali hii. Mechi imepangwa saa nane mchana, wageni kutoka shule jirani wameshafika kwa miguu, mistari ya uwanja imechorwa kwa majivu, na kabla filimbi haijapulizwa anga linakuwa jeusi. Yalinikuta hayo nikiwa mwalimu wa darasa la sita katika shule moja ya msingi mkoani Mwanza. Tuliwaingiza wachezaji na mashabiki, wenyeji na wageni, katika chumba kimoja cha darasa, wakafika kama sitini. Nahodha wetu alikuwa analia.

Sikuona busara ya kuwaambia watoto wale wafungue madaftari ya hisabati. Lakini kulikuwa na jambo la kushughulikia kwanza, na ningependa mwalimu mwenzangu alitilie maanani. Wageni walikuwa wamevaa jezi nyekundu, na mara tu umeme wa kwanza ulipomulika, watoto wetu walianza kujitenga nao huku wakiwataka wavue, kwa kuwa kwetu wazee wengi husema kwamba nguo nyekundu huita radi, kama ambavyo hufunika vioo mvua inapoanza. Sikuwacheka, wala sikusema kwamba wazee ni wajinga, kwa sababu mtoto aliyeona ng'ombe wakiuawa na radi hafarijiwi kwa dharau. Niliwaeleza kwamba radi haichagui rangi. Hupenda kupiga kitu kirefu kilichosimama peke yake, kama mwembe ulio pembeni mwa uwanja, mlingoti wa bendera, au mtu anayekimbia katikati ya uwanja mtupu, awe na jezi nyekundu au ya kijani. Kisha nikawaketisha wote katikati ya chumba, mbali na mlango, madirisha na kuta. Waliponiuliza tutajuaje kama radi iko karibu, nilikuwa nimepata kipindi changu.

Umeme na ngurumo hutokea kwa pamoja. Mwanga hutufikia papo hapo, ilhali sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu baina ya umeme na ngurumo ni kama kilomita moja. Kanuni hii ni rahisi kuandika ubaoni, lakini ugumu wake uko katika sekunde zenyewe. Nilipowaambia wahesabu umeme uliofuata, kundi moja lilipata 14, jingine 23, na watoto wa mbele wakafika 30, kwa maana mtoto mwenye hofu huhesabu mbio kama moyo wake unavyodunda. Tofauti ya namna hiyo ndiyo dalili kwamba darasa halina sekunde, na hapo inafaa kusimamisha kila kitu na kuitengeneza.

Tuliitengeneza kwa jiwe. Tulipandisha madawati mawili juu ya mengine mawili, tukalaza mpini wa jembe kati yake, tukafunga uzi wa katani wenye jiwe la ukubwa wa ngumi ya mtoto. Urefu tuliupima kwa rula ya ubaoni ya mita moja, kuanzia pale uzi unapoachana na mpini hadi katikati ya jiwe, si hadi juu yake. Pendulamu ya urefu huo hutumia sekunde moja kwenda upande mmoja, na sekunde nyingine kurudi. Watoto walibisha kwamba jiwe zito litakwenda haraka zaidi, hivyo tukabadilisha jiwe mara mbili na kulilinganisha na saa yangu ya mkononi, na kila mara mipito 30 ilichukua sekunde 30. La kuangalia ni kwamba jiwe livutwe kidogo tu, kama upana wa kiganja, kwa sababu likivutwa mbali sana huchelewa.

Makosa mawili yalibaki, na yote mawili yatamkuta atakayejaribu. La kwanza ni kuanza kwa kusema "moja" umeme unapomulika. Anayefanya hivyo huongeza sekunde nzima, na radi ikiwa karibu sekunde hiyo ni theluthi ya kilomita. Tukakubaliana kwamba neno la kwanza ni "sifuri". La pili ni kusubiri ngurumo iishe. Njia ya umeme angani ina urefu wa kilomita kadhaa, sauti ya sehemu iliyo mbali hufika nyuma ya ile ya karibu, na ndiyo maana ngurumo huburuta. Sauti inayohesabiwa ni ya kwanza kabisa kusikika.

Mvua ilipokolea, bati lilipiga kelele kiasi kwamba sauti yangu haikufika hata dawati la pili. Sishauri mwalimu ashindane na bati. Niligeuza kipindi kuwa cha ishara. Mlinda mlango wetu alinyoosha mkono alipoona chumba kimemulikwa, makundi yaliyochanganya wenyeji na wageni yalihesabu kwa vidole yakifuata jiwe, na nahodha aliyekuwa akilia alisimama ubaoni akiandika majibu kwa chaki. Tulipata 21, 19, 22, 15, 11, 13, kisha 6. Ile 22 na ile 13 ziliwatatiza, wakadhani wamekosea. Hawakuwa wamekosea, kwani wingu la radi ni pana na umeme unaofuata unaweza kutoka upande wake wa mbali, kwa hiyo namba moja peke yake haisemi kama mvua inakuja au inaondoka. Husemwa na mfululizo wake.

Kati ya 21 na 6 zilikuwa zimepita dakika 25. Walikokotoa wenyewe kwamba radi ilikuwa kilomita 7 na sasa iko kilomita 2, yaani imesogea kilomita 5, na kwa saa nzima ingesogea 12. Mtoto mmoja wa wageni akaandika ubaoni, "Baiskeli." Ni makadirio tu, lakini niliona sitini wakitazama ubao kwa makini ambayo sikuwahi kuyapata katika kipindi cha mwendo kasi.

Kipimo hiki kina mpaka wake, na lazima watoto waambiwe. Hesabu ya 30 haimaanishi kwamba mtu yuko salama nje, kwani radi inaweza kuruka kilomita 10 kutoka pale ilipopiga mwanzo. Ikisikika ngurumo, mtu awe ndani, na asitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Niliandika saa ya ngurumo ya mwisho kwenye kona ya ubao na kuwaachia wao kuilinda.

Mvua ilikatika, uwanja ukawa ziwa, na mwalimu wa wageni alitaka kuondoka mapema kwa kuwa walikuwa na mwendo mrefu. Ilikuwa dakika ya 22. Akiwa ameshika kitasa, umeme ulimulika kwa mbali, na chumba kizima kikanyamaza, macho yote kwenye jiwe. Ngurumo hafifu ilisikika katika mpito wa 34. Nahodha wao, mwenye jezi nyekundu, alikwenda ubaoni akafuta saa niliyoiandika, akaandika mpya, na wachezaji wenzake wakarudi kuketi.