Maswali na majibu: viti, WhatsApp na ripoti kwenye programu za tiketi za huduma kwa wateja

Tuko 11 kwenye duka la vipuri Kariakoo. Lazima kila mmoja alipiwe kiti, yaani akaunti yake ya kuingia kwenye programu? Kifurushi cha juu tukikipigia hesabu kinatushinda.

Hesabuni wanaomjibu mteja moja kwa moja. Kwenye duka la vipuri huenda ni wanne tu. Mtu wa stoo, mhasibu na madereva huulizwa ndani kwa ndani kama mzigo umetoka au hela imeingia. Kwenye Zendesk kuna nafasi iitwayo `Light agent`: anaona tiketi, yaani maswali ya wateja, na kuandika maelezo ya ndani, ila hawezi kumtumia mteja jibu. Hakikisheni kwanza kwamba kifurushi mnachokitaka kinayo. Kwa yule anayesaidia siku za msimu tu, Freshdesk wana pasi za siku.

Tuseme kiti cha chini ni dola 20 kwa mwezi na cha juu ni dola 55. Viti 11 vya chini ni dola 220. Viti vinne vya juu navyo ni dola 220. Mkipandisha wote 11 mtalipa dola 605, na kwa kawaida huwezi kumpandisha mmoja peke yake. Akaunti nzima hupanda pamoja.

Msijaribu kubana kwa kuchangia akaunti moja watu watatu. Mbali na kuvunja masharti, programu itawaona kama mtu mmoja, kwa hiyo haitawaonya wawili wakiandika jibu la tiketi moja kwa wakati mmoja. Mteja atapewa bei mbili.

Kifurushi chetu kimeandikwa kina WhatsApp. Mbona bili ya ujumbe inakuja pembeni?

Kifurushi kinafungua mlango tu. Ujumbe wenyewe hutozwa na Meta, wamiliki wa WhatsApp. Mteja akikuandikia, una saa 24 za kumjibu kwa maneno yako bila Meta kukutoza ujumbe huo, na kila akiandika tena saa hizo huanza upya. Zikipita, unaweza kutuma kiolezo tu, yaani ujumbe ulioandaliwa mapema na kuidhinishwa na Meta, nacho kinalipiwa. Kwa hiyo anayeacha tiketi za Jumamosi mchana hadi Jumatatu anajiongezea bili. Pangeni foleni ya WhatsApp kwa muda uliobaki kabla dirisha hilo la saa 24 halijafungwa.

Tumeweka kanuni ya kumkumbusha mteja asiyejibu kwa siku mbili. Mmoja kalalamika kapata barua pepe ile ile usiku kucha.

Kuna kanuni za tukio, zinazofanya kazi papo hapo tiketi ikibadilika, na kanuni za muda, ambazo hupitia tiketi kwa zamu. Zendesk hufanya hivyo kila saa moja. Sharti lenu bila shaka linasema "zaidi ya saa 48". Saa ya 49 ni zaidi ya 48, ya 50 pia, basi kila zamu inatuma. Kanuni inahitaji alama ya kujizuia:

```
KAMA  hali = inasubiri mteja
NA    muda > saa 48
NA    lebo haina kumbusho_1
BASI  tuma kumbusho
      ongeza lebo kumbusho_1
```

Halafu wekeni kanuni ya tukio inayoondoa `kumbusho_1` mteja anapojibu. Hii ndiyo wengi huisahau, na mteja akikaa kimya mara ya pili hakumbushwi kabisa. Jaribuni kwanza kwa tiketi ya anwani yenu wenyewe, na muiache ipite zamu mbili.

Bosi anataka tupande kifurushi kwa sababu ripoti inasema tunajibu kwa zaidi ya saa nne. Sisi tunajua si kweli.

Tazameni tiketi kumi. Tisa zimejibiwa kwa dakika 20 kila moja. Ya kumi imeingia Jumamosi saa 9 alasiri mkiwa mmefunga, ikajibiwa Jumatatu saa 2:30 asubuhi: saa 41 na nusu za kalenda. Wastani wa zote unakuwa saa 4 na dakika 27. Kwa saa za kazi, mkifungua Jumatatu saa 2, tiketi hiyo ilingoja dakika 30, na wastani unashuka hadi dakika 21.

Kuhesabu kwa saa za kazi, kutumia thamani ya katikati badala ya wastani na kujitengenezea ripoti ndivyo vitu ambavyo mara nyingi hukaa vifurushi vya juu. Kabla ya kulipa, pakueni tiketi za mwezi mmoja kama CSV na mtumie `MEDIAN` kwenye Excel. Angalieni safu ya muda: mara nyingi huandikwa kwa UTC, saa tatu nyuma yetu, kwa hiyo 05:30 kwenye faili ni 08:30 ya Dar, yaani saa 2:30 asubuhi.

Ikiwa swali la bosi ni hilo moja kila mwezi, Excel inatosha. Akitaka kuona kila mhudumu, kila njia na kila siku, hapo pandeni, lakini wekeni ukanda wa saa wa Dar na saa za kazi siku hiyo hiyo. Malengo ya muda wa kujibu kwa kawaida hayarudi nyuma kuzipima tiketi zilizokwisha kufungwa.