Nani ataona nyuma ya kaseti?

Wiki iliyopita, kwenye shantie moja hapa Lubumbashi, nilimkuta kijana wangu amefunga kaseti za alukobondi, zile karatasi za alumini zilizokunjwa za kufunika ukuta wa nje, ghorofa mbili mfululizo, na mikanda ya pamba ya mawe ya kuzuia moto nyuma yake bado iko kwenye mifuko chini ya ngazi. Nikamuuliza. Akajibu: "Shefu, nyuma ya kaseti nani ataona?" Nilicheka, halafu nikakasirika, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe. Basi nawaandikia ninyi mnaoanza.

1. Jueni mnabeba nini. Karatasi ya milimita 4 ni alumini nusu milimita kila upande, na katikati milimita 3 za kiini. Kiini kikiwa polietileni tupu, mmefunika nyumba kwa mishumaa. Plastiki hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 110 hadi 130, wakati alumini inangoja 660. Na tukikunja kaseti tunachonga mfereji, tunakata pembeni, kiini kinabaki wazi. Moto hauhitaji kutoboa chuma, unaingilia ukingoni.

2. Mkanda wa pamba ya mawe ukae kwenye kila sakafu, na kuzunguka madirisha. Hapa nitakaa kidogo.

Miaka ile nilikuwa shefu kwenye nyumba ya ghorofa tano. Pamba ya mawe ilikwama mpakani Kasumbalesa, mwenye nyumba alikuwa ameshatangaza siku ya kufungua, na mimi nilitaka kusifiwa. Nikaamuru: fungeni kaseti, mikanda tutaiweka baadaye. Baadaye gani, na kaseti zimeshafungwa? Nyuma yake kukabaki nafasi ya sentimita tano, wazi kuanzia chini mpaka paa. Nilijenga bomba la moshi, nikalipaka rangi ya fedha.

Baada ya miezi miwili fundi alichomelea mabano ya bango juu ya ghorofa ya kwanza. Cheche ikaingia kwenye kiungo cha kaseti. Tuliona moshi mdogo tu, kama wa mtu anayevuta sigara. Nikachukua kizima moto, nikapuliza unga wote. Uligonga alumini ukaanguka kwenye viatu vyangu, na moto ulikuwa nyuma ya alumini.

Nikapanda ngazi mbio. Nafungua ofisi ya ghorofa ya tatu: baridi, kimya, kalenda ukutani, kikombe cha chai mezani. Nikadhani tumepona. Kugeuka dirishani, ndimi za moto zinapita nje ya kioo kuelekea juu. Kuta na sakafu za zege zilikuwa zinazuia moto ndani kama inavyotakiwa, lakini nje ulikuwa na barabara yake. Ndani ya nafasi nyembamba mwali haupati hewa ya kutosha, kwa hiyo hujinyoosha kuitafuta, hata mara tano hadi kumi ya urefu wake wa kawaida, huku ukipasha moto kila kaseti iliyo juu yake. Chini nako, matone ya plastiki yanayowaka yalikuwa yameshawasha turubai la wapaka rangi. Kwa hiyo ulipanda na kushuka.

Kioo cha ghorofa ya nne kikapasuka, pazia likashika, nasi tukalizima kwa ndoo kutoka ndani. Bahati yetu fasadi ile ilikuwa ukanda mwembamba kati ya nguzo mbili. Ukafika paani ukakosa chakula. Hakufa mtu. Kutoka moshi wa kwanza mpaka paa sikumaliza hata kupiga simu tatu. Msidhani natia chumvi: mwaka 2014 huko Melbourne, sigara iliyoachwa kwenye baraza la ghorofa ya 8 ilipeleka moto mpaka ghorofa ya 21 kwa dakika zipatazo 11, kwa karatasi za jinsi hiyohiyo.

Mkanda ukatwe mpana kidogo kuliko nafasi, usukumwe uingie kwa nguvu. Hewa ikihitajika kupita, achieni milimita 25 tu, na mbele kuwe na utepe unaovimba ukipata joto.

3. Kuchomelea kwanza, kaseti baadaye.

4. Msiamini hati za muuzaji, wala rangi ya kiini. Kateni kipande cha sentimita 30 kwa 30, mpeleke kwa mama wa unga mwenye mizani. Cha polietileni tupu kina karibu nusu kilo. Chenye kiini cha madini mengi, kisichoshika moto upesi, kinakaribia gramu 700. Ngozi ya alumini ikiwa nyembamba kuliko nusu milimita, hesabu hiyo inadanganya, kwa hiyo pimeni unene pia, halafu mshikilie ukingo kwenye mwali. Kikidondosha matone yanayowaka na harufu ya mshumaa, kirudishwe. Mama huyo alishanizoea. Huniuliza kama leo nanunua unga au nimeleta mabati yangu tena.

Na yule kijana? Jumamosi tulifungua kaseti 14, tukaweka mikanda yote. Alininunia mpaka saa sita, bukari ilipoletwa.