Wasifu Wako Unaita Waajiri, Halafu Unalalamika

Wadogo zangu mlioingia ushauri wa ulinzi wa data hapa Kisumu na Nakuru, mmenichosha kwa swali moja: "Mkuu, mbona LinkedIn naletewa kazi za kuajiriwa tu, mteja hata mmoja haji?" Nikifungua wasifu wako napata jibu kabla sijafika chini. Umejiandika kama mtu anayetafuta ajira, na wanaotafuta wafanyakazi wamekuona. Wao wamekosea wapi?

1. Mstari ulio chini ya jina. Kijana mmoja wa hapa Kisumu alikuwa ameandika "Afisa wa Ulinzi wa Data mwenye cheti, uzoefu wa miaka 4", na picha imezungushiwa ule utepe wa kijani wa #OpenToWork. Cheo, cheti na miaka ndivyo hasa anavyochapa mtu wa rasilimali watu akisaka afisa. Mwenye shule binafsi kule Mamboleo hachapi hivyo, maana hata hajui kama anahitaji afisa. Alichosikia ni kwamba mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data, ODPC, iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na ukurasa wake wa Facebook umejaa watoto wa siku ya michezo.

Basi tukaufuta tukaandika: "Nasaidia shule binafsi za Kisumu na Nakuru kujisajili ODPC, kupanga ridhaa ya picha za wanafunzi na kuhuisha cheti." Nafasi ni herufi 220, kwa hiyo inatosha na kubaki. Kuhuisha nilikusisitiza kwa sababu cheti cha usajili hudumu miezi 24 tu, na wengi hukumbuka kikiwa kimeisha.

Sehemu ya About ilianza na "mimi ni mtaalamu mwenye ari". Ari ya nini, ndugu yangu? Msomaji huona mistari michache kabla ya kubonyeza aendelee. Tukaanza na kinachowakosesha usingizi: shule ndogo nyingi hudhani hazihusiki kwa kuwa mapato hayafiki milioni 5 na wafanyakazi hawafiki 10. Msamaha huo upo, ila hauzifikii taasisi za elimu.

2. Picha ya juu. Hapa nilishika kichwa. Kijana amesimama mbele ya darasa, nyuma yake watoto wa sare, sura wazi, beji ya shule inasomeka. Mshauri wa faragha! Nikamuuliza fomu za wazazi ziko wapi, akaanza kutazama simu. Na mjue wateja wetu wengi hawatutafuti LinkedIn. Mwalimu mkuu hupewa namba yako na mwenzake kwenye kundi la WhatsApp, kisha huingia kwenye wasifu kukukagua kabla ya kupiga. Akikuta picha hiyo, ataona unamletea kesi mlangoni. Ondoa, hata ukibaki na rangi tupu.

3. Kazi ulizofanya. Mwajiri husoma majukumu, mteja husoma kilichobadilika. Kijana aliandika "niliratibu uzingatiaji". Nikamwambia anisimulie kilichotokea, na simulizi lenyewe likawa maandishi: shule ya kutwa Nakuru ilikuwa na fomu ya kujiunga yenye kifungu kimoja cha ridhaa, mzazi akitia sahihi amekubali matibabu, picha na matangazo kwa mpigo. Ridhaa ya namna hiyo haisimami, kwa sababu kila matumizi yanatakiwa kukubaliwa peke yake. Wakatenganisha vifungu, sasa mzazi anaruhusu matibabu na kukataa Facebook, na mwalimu wa darasa ana orodha ya wasiopigwa picha. Jina la shule halimo, na lisiwemo mpaka wakubali kwa maandishi. Sera ya mteja pia usiipandishe kwenye Featured. Weka kiolezo chako mwenyewe cha ukurasa mmoja.

4. Bei. Mnaiogopa kama nyoka. Andika kifurushi kimoja: usajili, fomu za ridhaa na mafunzo ya walimu ya nusu siku, kuanzia kiasi fulani, ada ya serikali kando. Asiyeweza atapita, na anayesaka mfanyakazi ataelewa unauza kazi iliyo na mwisho.

Utajua imeanza kushika pale ujumbe unaotumiwa utakapobadilika. Badala ya "tuma CV" utaulizwa, "Cheti chetu kimeisha, unatoza ngapi?" Waajiri hawataisha kabisa, nao msiwapuuze. Mwandikie kwamba hutafuti ajira, lakini kama nafasi hiyo bado iko wazi na kazi inalala, unaweza kuwafanyia usajili kwa mkataba wa wiki tatu, kisha mpe bei.