Fomu ilisema namba sahihi, kompyuta ikapokea nyingine

Swali la wiki: "Karani wa benki akikosea na kuingiza pesa zako kwenye akaunti ya mtu mwingine, unaripoti vipi na unazipataje? Wewe yalikukuta?"

Yalinikuta nikiwa mweka hazina wa kikoba chetu cha Mbagala. Pesa zilikuwa za wanawake 26: hisa, mfuko wa jamii na marejesho ya mikopo ya mwezi mzima, jumla shilingi 3,640,000. Kwa kuwa nauza vitenge Kariakoo, huziweka benki kwenye tawi la hukohuko badala ya kuzibeba njia nzima ya Mbagala.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilijaza fomu ya kuweka pesa kwa mkono wangu, jina la kikundi na namba ya akaunti, nikahesabiwa pesa dirishani, nikapewa nakala ya fomu na risiti iliyochapwa. Risiti ilionyesha 10:52, yaani saa 4:52 asubuhi. Niliangalia kiasi, kiko sawa, nikaondoka. Sikusoma jina wala namba.

Kwenye akaunti ya kikundi tumesajili simu ya mama mwenyekiti, na pesa ikiingia ujumbe humfikia dakika hiyohiyo. Saa 7:20 mchana akanipigia: "Mwanangu, mbona benki kimya? Umeshaweka?" Nikamwambia nimeweka tangu asubuhi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Hebu nisomee risiti." Hapo ndipo nilipoona. Jina lililochapwa lilianza kwa neno lilelile la kikundi chetu, lakini neno la pili halikuwa letu, na namba ya akaunti ilikuwa tofauti kabisa.

Namba kuwa tofauti kabisa kulinieleza jambo. Karani aliyeandika tarakimu moja vibaya huacha namba inayofanana na yako. Hii haikufanana hata kidogo, maana yake hakuandika namba. Alitafuta kikundi kwa jina, orodha ikafunguka, akachagua kilicho juu. Baadaye msimamizi alinithibitishia kuwa ndivyo ilivyokuwa. Vikundi, saccos, makanisa na shule ndio wanaoumia zaidi kwa kosa la namna hii, kwa sababu majina yetu yanafanana sana.

Nikapanda daladala kurudi Kariakoo, nikafika tawini saa 8:40. Sikwenda kwa karani yule. Si kwa hasira, ila karani akishaingiza muamala hawezi kuufuta peke yake. Kuurudisha kunahitaji idhini ya mkubwa wake. Niliomba kumwona msimamizi wa makarani, nikampa vitu viwili kwa pamoja: nakala ya fomu yenye namba sahihi na risiti yenye namba isiyo sahihi. Akavilinganisha, akakubali palepale kwamba kosa ni la dirishani. Kisha akasema neno lililotugharimu: "Dada, subiri tufunge hesabu za leo, kesho tutalirekebisha."

Nilikubali. Ningejua ninachokijua leo, ningeomba jambo moja kabla ya yote: zuio kwenye akaunti iliyopokea, kwa kiasi kilekile cha 3,640,000. Zuio halimnyang'anyi mtu chochote. Pesa zinabaki kwenye akaunti yake ila haziwezi kutolewa wala kukatwa mpaka benki ichunguze. Kuzirudisha kunaweza kungoja saini za wakubwa. Zuio halipaswi kungoja, kwa sababu kila saa inayopita ni nafasi ya pesa kutoka kwa wakala, kwa simu au kwa mashine.

Jambo moja nililifanya vizuri. Sikuondoka na ahadi ya mdomo. Niliomba karatasi nikaandika barua kwa Meneja wa Tawi: tarehe, saa kama ilivyochapwa kwenye risiti, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, namba ya muamala, akaunti niliyoandika kwenye fomu, akaunti iliyopokea, na saa niliyotoa taarifa. Saa za kompyuta ziandikwe kama zilivyo. Ukiandika "saa 4:52" mtu wa makao makuu anaweza kutafuta muamala wa 04:52 alfajiri asiuone. Mimi niliandika "10:52 (saa 4:52 asubuhi)". Nikatoa fotokopi ya barua na viambatisho, wakagonga mhuri wa kupokea kwenye nakala yangu: 15:05. Mhuri ule ndio uliokuja kuniokoa.

Jumanne saa 3 asubuhi nilikuwa mlangoni. Zuio liliwekwa asubuhi hiyo, lakini lilikuta 2,925,000 tu. Shilingi 715,000 zilikuwa zimekatwa usiku na mfumo wenyewe. Kikundi kile kilikuwa na mkopo uliochelewa kulipwa, na benki nyingi zimeipanga mifumo yao hivi: akaunti ya mdaiwa ikiingia pesa, hesabu za siku zinapofungwa, deni hujikata lenyewe. Hakuna mtu aliyeiba. Wanakikundi wale pengine hawakujua hata kama pesa ziliingia.

Shilingi 2,925,000 zilirudi kwetu Jumatano saa 5:15 asubuhi, mama mwenyekiti akapata ujumbe. Kwa zile 715,000 nikaambiwa nisubiri wenye akaunti ile waje wajaze pesa, kwa kuwa "zimeshatumika". Hapo nilikataa, na nataka nieleze sababu kwa utulivu kwa kuwa wengi hukwama hapohapo.

Kuna makosa mawili yanayofanana kwa nje. La kwanza ni la mteja: umeandika mwenyewe namba isiyo sahihi na karani akaiingiza kama ulivyoandika. Hapo benki imetekeleza agizo lako. Itakusaidia kuwasiliana na aliyepokea, lakini kwa kawaida haitachukua pesa kwake bila ridhaa yake au amri ya mahakama. Akikataa, njia yako ni kumdai yeye. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka mtu aliyelipwa kwa makosa azirudishe. Kosa la pili ni la benki: umeagiza sahihi, wao wakapeleka kwingine. Hapa deni lako liko kwa benki. Uliikabidhi pesa pamoja na agizo, agizo halikutekelezwa. Kama aliyepokea amezila, kumfuatilia ni kazi ya benki, na wewe huhitaji kumjua. Wala usiombe simu yake, au jina zaidi ya lile la kwenye risiti, kwa sababu benki inatakiwa kutunza siri ya mteja yule kama inavyotunza yako.

Kinachotenganisha makosa haya mawili ni nakala ya fomu. Bila ile karatasi, ni neno langu dhidi ya neno la karani.

Kwetu kulikuwa na hoja nyingine nzito zaidi. Nilimwuliza ofisa, kwa heshima: "Kaka, hizo laki saba na kumi na tano elfu zimekwenda wapi?" Akasema kwenye mkopo. Nikamwuliza mkopo ni wa nani. Wa benki. Kwa hiyo pesa hazikutoka nje ya jengo lao hata siku moja. Karani alikosea, benki ikajilipa deni lake kwa pesa za wanawake wa Mbagala, halafu inatuambia tumsubiri mdaiwa wake. Tena nilikuwa na mhuri wa 15:05, uliogongwa kabla hesabu hazijafungwa, kabla deni halijakatwa. Walijua pesa si za kikundi kile walipoziacha zikatwe.

Niliandika barua ya pili, fupi, yenye hoja hizo mbili na nakala ya mhuri, nikaomba namba ya lalamiko na jina na cheo cha anayelishughulikia. Nilieleza pia kwamba nisiporidhika na jibu nitalipeleka Benki Kuu ya Tanzania, ambayo inapokea malalamiko ya wateja wa mabenki. Utaratibu wake ni kuanza kwanza kwenye benki yako, kwa hiyo barua zenye mihuri ndizo zinazoonyesha kuwa ulianzia huko. Sikufika mbali hivyo. Malipo ya mkopo yalifutwa kwa idhini ya makao makuu, kikundi kile kikarudishiwa deni lake kama lilivyokuwa, na 715,000 zikaingia kwetu Jumatano ya wiki iliyofuata, siku ya 10 ukihesabu na ile Jumatatu.

Kwetu ilikuwa rahisi kidogo kwa kuwa akaunti zote mbili zilikuwa benki moja. Pesa ikivuka kwenda benki nyingine kwa TISS, mfumo wa Benki Kuu ulioanza mwaka 2004, benki yako haiwezi kuivuta irudi yenyewe. Malipo yakishakamilika humo yamekamilika, na benki yako inabidi iiombe ile iliyopokea iweke zuio na kurudisha. Kwa hiyo ukiripoti, dai uonyeshwe kwamba ombi hilo limetumwa na saa lilipotumwa.

Siku hizi baadhi ya matawi hayana fomu. Unataja namba, karani anaingiza. Mimi sitaji tena. Nina kadi ndogo yenye jina kamili la kikundi na namba ya akaunti, naiweka dirishani na kumwambia karani: "Naomba unisomee jina na namba kabla hujaingiza." Hakuna aliyewahi kukasirika. Risiti naisoma mistari mitatu, jina, namba, kiasi, nikiwa bado nimesimama palepale, kwa sababu dakika ile karani bado anakukumbuka na pesa zako bado ziko mbele yake.

Kitu kimoja sijakitaja na ndicho kilichoniumiza kuliko 715,000. Kwa siku zile 10 nilikuwa mweka hazina ambaye pesa hazionekani. Hakuna aliyenitukana, lakini mama mmoja aliyekuwa zamu ya kukopa ada ya mtoto aliacha kunitazama usoni. Kwa hiyo pesa zilipotimia niliomba benki taarifa ya akaunti iliyogongwa mhuri, yenye mistari miwili ya marejesho, 2,925,000 na 715,000. Jumamosi kwenye kikao niliisoma kwa sauti pamoja na risiti ya kwanza, fomu, na barua zote mbili kwa tarehe na saa zake. Ilichukua karibu nusu saa. Yule mama aliomba aishike ile fomu, akafuata tarakimu za akaunti kwa kidole, moja moja mpaka ya mwisho, kisha akanirudishia na kuniuliza kama mkopo wake unaweza kutoka leo. Tulimpa palepale.