Gunia au kupima kila siku?

"Tuko watu kumi na moja hapa Tanga. Ninunue mchele gunia zima au niendelee kupima dukani kila siku?"

Dada, mchele nunua kwa jumla, ila unga wa dona usithubutu. Sisi tuko kumi na wawili hapa Ngamiani, tunapika kilo mbili kwa siku, kwa hiyo gunia la kilo mia linakaa siku hamsini. Kwangu tofauti na duka la mtaani ilikuwa shilingi mia mbili kwa kilo, yaani elfu ishirini kwa gunia.

Lakini joto na unyevu wa pwani hii vinaharibu mno. Kabla ya kulipa, ingiza mkono ndani kabisa ya gunia. Ukisikia vuguvugu au harufu ya uvundo, achana nalo, lina unyevu au wadudu. Na lipimwe kwenye mizani mbele yako. Nyumbani liweke juu ya chaga, mbali na ukuta, na mchele wa wiki moja utie kwenye ndoo yenye mfuniko.

Wapo wanaosema majani ya mwarobaini yanatosha kuzuia wadudu. Yanasaidia kidogo, lakini mchele ulioingia na mayai ya fukusi utatoboka tu. Dona lina kiini chenye mafuta, kwangu lilichacha mwezi haujaisha. Saga kidogo kidogo.

Mafuta ya kula bado tunabishana na mume wangu: dumu likiwepo, jikoni mkono unakuwa mwepesi.