Barua kwa mwanangu: huyo rikruta wa LinkedIn

"Mama, kuna dada wa ejensi Nairobi amenitumia meseji LinkedIn ati wanatafutia kampuni fulani mhasibu mkuu. Mimi niko sawa hapa Sacco Nakuru, sitaki kutoka saa hii, lakini pia sitaki kufunga mlango. Nimjibu aje ama ninyamaze tu?"

Nyathina, usinyamaze. Ile miaka nilikuwa ofisi ya wafanyakazi kule kiwandani nilikaa sana na hawa watu, na nikaona vile wanafanya, kando ya kila jina wanaandika ka-mstari kamoja tu. Ukinyamaza, "hajibu". Ukisema asante sitaki, "hataki", na nafasi nzuri ikikuja mwaka ujao anaruka jina lako bila hata kufikiria. So mpee wewe mwenyewe maneno ya kuandika hapo.

Mwambie uko sawa, nini ingekufanya uongee, na lini akutafute. Hiyo ya lini ndio watu husahau, wanaandika "labda baadaye" na baadaye haina tarehe. Wewe si uliniambia mnahamisha rekodi za mikopo kwa mfumo mpya hadi Machi? Basi tumia hiyo. Kitu kama hivi, uiweke kwa Kizungu chako cha ofisi:

"Asante kwa kunifikiria. Kwa sasa nimetulia kazini na kuna mradi nataka kumaliza mwezi wa tatu, kwa hivyo sitaomba hii nafasi. Kuanzia Aprili niko tayari kuongea kama ni kazi ya kuongoza timu, iwe Nakuru ama Kisumu. Hii yenu iko mji gani, na mshahara umepangwa kati ya ngapi na ngapi?"

Hilo swali la mwisho si uchoyo. Jina la kampuni anaweza kuficha mwanzoni, hiyo ni kawaida yao, lakini akishindwa hata kukuambia mji na aina ya biashara, ujue anakusanya sivii tu. Akiitisha pesa, hata ya "usajili", achana na yeye, ejensi ya ukweli inalipwa na mwajiri. Akiuliza unalipwa ngapi saa hii, mwambie hiyo mtaongea mkifika huko, na peislipu usitume.

Alafu jibu ukiwa na simu yako na imeili yako. Mimi nilijibu mmoja kwa kompyuta ya ofisi nikaenda chai nikaiacha wazi, bosi akapita, na semina yenye nilikuwa nimeahidiwa ikaenda kwa mwingine, na sikuwa hata naenda mahali!

Weka hiyo Aprili kwa kalenda ya simu pia, maana yeye anaweza kusahau. Ikifika na bado hutaki kutoka, mwandikie tu mistari miwili umsongeshe hadi mwezi mwingine.

Baba yako anauliza kama hiyo blanketi ilifika.

Mama